Fankisheni ya uhamisho kutoka kwa matriksi za hali: D yangu imepotelea wapi?

Nyando_27 (Jumanne, saa 2:10 usiku)

Wenzangu, hamjambo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mitambo, na mradi wangu ni wa pampu ya maji iliyo kwenye shamba la mjomba wangu karibu na Ahero. Pampu na mota yake zimefungwa kwenye bamba moja la chuma, na bamba limekalia springi nne. Nilipima uzito wa vyote kabla ya kufunga nikapata kilo 20. Nilipoweka mfuko wa kilo 8 juu ya bamba, ulizama karibu sentimita moja, kwa hiyo nimechukua ugumu wa springi zote kwa pamoja kuwa 8000 N/m. Kutokana na jinsi mtikisiko unavyofifia baada ya kusukuma bamba kwa mkono, nimekadiria kizuizi cha mwendo kuwa 100 N·s/m.

Ingizo ni kani ya kwenda juu na chini. Tokeo silo msogeo bali mchapuko, kwa sababu kifaa nilicho nacho ni kipima mchapuko kilichobandikwa kwenye bamba. Hali zangu mbili ni msogeo na kasi, na matriksi zimekuwa hivi:

```
A = [    0    1 ]      B = [ 0    ]
    [ -400   -5 ]          [ 0.05 ]

C = [ -400   -5 ]      D = 0.05
```

Nilitafuta kinyume cha sI − A, nikazidisha kwa C na B, kisha nikajumlisha D, na jibu langu likawa:

```
G(s) = 0.05(-5s - 399) / (s^2 + 5s + 400)
```

Kompyuta nayo inatoa kitu kingine kabisa: juu ya mstari kuna 0.05s² peke yake, bila s wala namba ya kawaida. Polinomia ya chini inafanana na yangu. Nimerudia hesabu mara tatu, na kila mara nafika palepale. Je, ni kompyuta inayofuta vitu, au ni mimi?

Lubao (Jumanne, saa 2:41 usiku)

Dada, usijisumbue sana na hiyo D. Katika mfumo halisi hakuna tokeo linaloitikia ingizo papo hapo, kwa kuwa kila chombo huchelewa walau kidogo, na ndiyo maana karibu mifano yote tuliyofanya darasani ilikuwa na D = 0. Aidha, D haigusi ncha za mfumo, ambazo hutoka kwenye ditaminanti ya sI − A peke yake. Wewe mwenyewe umesema polinomia ya chini inafanana na ya kompyuta, kwa hiyo uthabiti na kiwango cha kufifia viko salama. Ningekuwa mimi ningeiweka D kuwa sifuri na kuendelea na mradi.

Mzee_wa_Kibos (Jumanne, saa 3:25 usiku)

Nyando, kosa ni lako, ila ni dogo na liko mahali pamoja tu. Nimewahi kusahihisha karatasi nyingi za mtihani wa somo hili, na hapo ulipoteleza ndipo wengi huteleza. Ngoja tuende taratibu.

Rizolventi ni kinyume cha sI − A, na kwa matriksi ya mbili kwa mbili hupatikana kwa kubadilishana nafasi namba mbili za ulalo mkuu, kubadili ishara za zile mbili nyingine, na kugawanya vyote kwa ditaminanti:

```
sI - A = [  s     -1  ]
         [ 400   s+5  ]

det = s(s+5) + 400 = s^2 + 5s + 400

(sI - A)^-1 = (1/det) * [ s+5   1 ]
                        [ -400  s ]
```

Kabla ya kuendelea, zidisha hiyo matriksi ya mwisho kwa sI − A uone kama unapata det kwenye ulalo mkuu na sifuri kwingineko. Ni kazi ya nusu dakika, nayo humwokoa yule anayehamisha −400 na 1 kwa kukosea, akaendelea ukurasa mzima na rizolventi ya mfumo wa mtu mwingine.

Sasa zidisha kwa B kwanza, wala usianze na C, kwa sababu B yako ina sifuri juu na itafuta nusu ya kazi. Unapata safu wima yenye 0.05 juu na 0.05s chini, vyote vikigawanywa kwa det. Hizo mbili zina maana: ya juu ni njia kutoka kani hadi msogeo, na ya chini ni njia kutoka kani hadi kasi, na ndiyo maana ya pili ni ya kwanza iliyozidishwa kwa s. Kisha C:

```
C (sI - A)^-1 B = 0.05(-5s - 400) / det
```

Mpaka hapa uko sawa kabisa. Hatua inayofuata ndiyo iliyokuponza. Ulichukua 0.05 ukaijumlisha na polinomia ya juu, ukapata −399 ndani ya mabano, kana kwamba D nayo ilikuwa imekwisha kugawanywa kwa det. Haijagawanywa. D imesimama nje ya sehemu yote, kwa hiyo ili iingie juu ya mstari ni lazima kwanza izidishwe kwa polinomia nzima ya chini:

```
G(s) = [ 0.05(-5s - 400) + 0.05(s^2 + 5s + 400) ] / det
     = 0.05 s^2 / (s^2 + 5s + 400)
```

Vipande vya −5s na −400 vimekutana na wenzao na kufutana. Kompyuta haijafuta kitu, ila mfumo wenyewe ndio uliofuta. Kama huniamini, chukua njia ya msogeo, 0.05/det, uizidishe kwa s mara mbili, kwa kuwa mchapuko ni msogeo uliotafutiwa kiwango cha mabadiliko mara mbili. Utafika palepale bila kuigusa C wala D.

Kuhusu ushauri wa Lubao, nitarudi kesho, kwa kuwa nusu yake ni kweli na nusu hiyo ndiyo inayoufanya uwe wa hatari.

Nyando_27 (Jumanne, saa 3:52 usiku)

Mzee, asante sana. Nimeona. Nilikuwa nimeiandika D kwenye mstari uleule wa juu kwa sababu karatasi ilikuwa imejaa, na jicho likaichukua kuwa sehemu ya polinomia. Swali langu la pili ni kuhusu namna ya kujua nikiwa peke yangu, bila kompyuta, kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa la uongo. Lilionekana la kawaida tu.

Chavakali_Juu (Jumatano, saa 12:30 asubuhi)

Naona mnatafuta mwitikio wa mfumo kwa kutumia A, B na C. Njia rahisi ni kutafuta e^(At), kuzidisha kwa C upande wa kushoto na B upande wa kulia, na kuchora. Nimekufanyia: kuna e^(−2.5t) ikizidisha mawimbi ya radiani 19.84 kwa sekunde. Jambo moja tu limenitatiza. Nikiweka t = 0 ninapata C·B = −0.25. Maana yake ni kwamba ukiligonga bamba kuelekea upande mmoja, kipima mchapuko kinaanza kwa kuonyesha mchapuko wa upande wa pili. Hilo haliwezekani. Nadhani ishara za C ni za kinyume, na dada anapaswa kuzibadilisha.

Mzee_wa_Kibos (Jumatano, saa 1:15 asubuhi)

Chavakali, hukuulizwa hilo, lakini umeleta kitu kizuri, na ishara za C ziko sawa. Rizolventi ni Laplasi ya e^(At), kwa hiyo njia yako na yangu ni ndugu wa mama mmoja, isipokuwa wewe umemwacha D nyumbani. Mwitikio kamili wa pigo moja ni C·e^(At)·B pamoja na D ikizidisha pigo lenyewe.

Litazame kwa macho ya nyundo. Ukigonga kwa msukumo wa 1 N·s, wakati wa pigo lenyewe mchapuko ni mkubwa sana na uko upande wa pigo. Hiyo ndiyo D. Mara pigo linapokwisha, bamba linabaki na kasi ya 0.05 m/s, msogeo bado ni sifuri, na kinachobaki kulishika ni kizuizi peke yake, ambacho kinapunguza kasi hiyo kwa 5 × 0.05. Hiyo ndiyo −0.25 yako. Umeona picha sahihi ya kila kitu kilichofuata baada ya pigo, ila pigo lenyewe hukuliona.

Nyando, hapo ndipo jibu la swali lako la pili linapopatikana, nawe una vipimo viwili visivyohitaji kompyuta.

Cha kwanza, iache s ikue bila kikomo. Rizolventi huelekea sifuri, na kinachobaki ni D. Kwa hiyo fankisheni yoyote unayoipata lazima iishie kwenye D yako. Jibu lako la kwanza lina s moja juu na s mbili chini, kwa hiyo linaishia kwenye sifuri, ilhali D yako ni 0.05. Ukiwa na D isiyo sifuri na ukaona polinomia ya juu ina daraja dogo kuliko ya chini, simama hapo hapo, usiendelee hata hatua moja. Kwa mfumo wa ingizo moja na tokeo moja, kanuni hii haina udhuru.

Cha pili, weka s = 0. Fankisheni inakuwa D − C·A⁻¹·B. Kwako, A⁻¹·B ni safu yenye −0.000125 juu na sifuri chini, C ikiizidisha inatoa 0.05, na 0.05 − 0.05 ni sifuri. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kani isiyobadilika hulizamisha bamba na kuliacha limetulia, na kitu kilichotulia hakina mchapuko. Jibu lako la kwanza linatoa karibu −0.05 hapo, maana yake ni kwamba mtu akikaa juu ya pampu, pampu ingeendelea kuchapuka milele kuelekea upande wa pili.

FundiWaBondeni (Jumatano, saa 4:20 asubuhi)

Mimi sina pampu, niko Nakuru natengeneza vidhibiti vya sola, lakini uzi huu umenikumbusha ubao mmoja ulionisumbua mwezi uliopita. Ulikuwa na rizista ya kiloomu 10 na kapasita ya mikrofaradi 10 zikiwa sambamba, halafu rizista nyingine ya kiloomu 10 kwenda ardhini, na tokeo linachukuliwa juu ya hiyo ya mwisho. Nilichukua volti ya kapasita kuwa hali. Tokeo ni ingizo ukitoa volti ya kapasita, kwa hiyo C = −1 na D = 1. A ikatoka −20 na B ikatoka 10.

Kwa kuwa hali ni moja tu, rizolventi ni 1/(s + 20), basi. Hesabu nzima ni mstari mmoja:

```
G(s) = 1 - 10/(s + 20) = (s + 10)/(s + 20)
```

Nilipoweka volti 5 kwa ghafla, kioo cha oskiloskopu kilionyesha tokeo likiruka moja kwa moja hadi 5, kisha likateremka taratibu na kutulia kwenye 2.5. Huko kuruka ndiko D, kwa sababu kapasita iliyo tupu hupitisha kila kitu kama waya; na huko kutulia ndiko s = 0, rizista mbili zikigawana nusu kwa nusu. Lubao anaposema hakuna tokeo linaloitikia papo hapo, mimi nimeliona kwa macho yangu likiitikia.

Lubao (Jumatano, saa 5:05 asubuhi)

Fundi, ulichokiona kimeruka kwa kasi kuliko kioo chako kinavyoweza kuonyesha. Ukipanua muda vya kutosha utaona nacho kinapanda kwa mteremko, kwa kuwa hata waya una tabia zake. Sijakataa kwamba hesabu inahitaji D. Ninachosema ni kwamba ncha hazibadiliki, na kwa mtu anayetaka kujua kama pampu itatulia, ncha ndizo muhimu.

Mzee_wa_Kibos (Jumatano, saa 8:30 mchana)

Lubao, kuhusu ncha umesema kweli na sitakupinga. Lakini Nyando hakuuliza kama pampu itatulia. Ana kipima mchapuko mkononi na anataka kujua kitasoma nini. Usomaji hautegemei ncha peke yake, unategemea pia sifuri, na D hubadilisha sifuri zote. Bila D, mfumo huu una sifuri moja kwenye s = −80. Ukiwa na D, una sifuri mbili, zote kwenye asili. Hiyo ni mifumo miwili tofauti iliyokalia springi zilezile.

Tuone tofauti hiyo kwa namba. Mota ya Nyando bila shaka ni ya ncha nne za sumaku kwenye umeme wetu wa mizunguko 50, kwa hiyo inazunguka chini kidogo ya mizunguko 1500 kwa dakika. Nichukue radiani 150 kwa sekunde. Weka s = j150:

```
s^2 = -22500
det = (400 - 22500) + j750,      |det| = 22113 (takriban)

yenye D:    0.05 * 22500 / 22113 = 0.0509
isiyo na D: 0.05 * |-400 - j750| / 22113
          = 0.05 * 850 / 22113   = 0.0019
```

Kwa kila nyutoni moja, mmoja anatabiri mchapuko unaozidi wa mwenzake zaidi ya mara 26. Na ukilipima lile jibu la kwanza la Nyando, lenye −399 badala ya −400, utaona halitofautiani kwa maana yoyote na la asiye na D. Hilo ndilo linalonikera kuhusu kosa hili. Mtu anaamini ameijumlisha D, ilhali kwa hesabu ameitupa.

Sianda (Jumatano, saa 12:10 jioni)

Niongeze upande wa kompyuta, kwa kuwa Nyando alishuku kwamba kompyuta inafuta vitu. Nimeendesha hii:

```python
import numpy as np
from scipy.signal import ss2tf

A = np.array([[0., 1.], [-400., -5.]])
B = np.array([[0.], [0.05]])
C = np.array([[-400., -5.]])
D = np.array([[0.05]])

num, den = ss2tf(A, B, C, D)
print(num, den)
```

Programu hiyo haitafuti rizolventi kwa herufi kama alivyofanya Mzee. Inatumia ukweli kwamba ditaminanti ya sI − A + BC ni det ikizidisha moja jumlisha C·Φ·B, ambapo Φ ni rizolventi. Kwa hiyo inatafuta polinomia mbili za tabia na kuzichanganya. Kwa mfano wetu, A − BC ina polinomia s² + 4.75s + 380. Kisha inajumlisha (D − 1) mara det, yaani −0.95 mara s² + 5s + 400. Kwa penseli, 4.75 inakutana na 4.75 na 380 inakutana na 380, na zinabaki sifuri safi.

Kompyuta haina penseli. Inapata zile polinomia kupitia namba za desimali zilizokatwa, kwa hiyo mahali pa sifuri inaweza kubakiza takataka yenye sifuri kumi na mbili au zaidi baada ya nukta. Kwa macho haina madhara, lakini ukiomba sifuri za mfumo, utaambiwa hazipo kwenye asili bali pembeni kidogo, pengine hata upande wa kulia. Nimeona mtu akiandika katika ripoti yake kwamba mfumo wake una sifuri upande usio salama, kumbe ni takataka ya desimali. Ukijua kutoka kwa hesabu ya mkono kwamba vipande viwili vinapaswa kufutana, unaifuta takataka hiyo bila wasiwasi. Usipojua, huna haki ya kuifuta.

Nyando_27 (Ijumaa, saa 1:40 usiku)

Wenzangu, nimetoka Ahero jioni hii nikiwa na usomaji. Nilifunga bolti ya gramu 10 kwenye kiunganishi cha shafti, sentimita 6 kutoka katikati, nikaikaza na nati ya kufuli. Mzunguko niliupima ukawa 1432 kwa dakika, ambao ni radiani 150 kwa sekunde kama alivyokisia Mzee. Kani ya bolti ni 0.01 × 0.06 × 22500, yaani nyutoni 13.5.

Kwa G yenye D nilitarajia 0.69 m/s². Kwa isiyo na D nilitarajia 0.026. Kabla ya bolti, pampu ilikuwa ikisoma 0.4 kwenye kilele, kwa masafa hayohayo ya mzunguko. Baada ya bolti ikasoma 0.9.

Lubao (Ijumaa, saa 2:05 usiku)

Basi bolti imeleta 0.5. Hata G yenye D imekosea kwa zaidi ya robo. Nilisema mfano huu hauaminiki.

Mzee_wa_Kibos (Ijumaa, saa 2:50 usiku)

La, Lubao, huwezi kutoa kilele kimoja kutoka kwa kingine kama unavyotoa shilingi. Mtikisiko wa zamani na ule wa bolti una masafa sawa lakini haupandi na kushuka kwa wakati mmoja. Unachoweza kusema ni kwamba mchango wa bolti uko kati ya 0.5 na 1.3. Hata hivyo, kwa upana huo wote, 0.69 imo ndani, na 0.026 iko nje kabisa. Kwa hiyo swali la D limekwisha kujibiwa na pampu yenyewe.

Nyando, ukitaka namba yenyewe, hamisha bolti upande wa pili wa kiunganishi, umbali uleule, na usome tena. Jumlisha miraba ya usomaji miwili wenye bolti, gawanya kwa mbili, na utoe mraba wa usomaji usio na bolti. Kinachobaki ni mraba wa mchango wa bolti, na huhitaji kujua pembe yoyote.

Nyando_27 (Jumapili, saa 11:20 jioni)

Nimehamisha. Upande wa pili imesoma 0.6. Miraba ni 0.81 na 0.36, nusu ya jumla yake ni 0.585, nikitoa 0.16 inabaki 0.425, na kipeo chake ni 0.65. Nilitabiri 0.69. Nimekosa kwa asilimia tano hivi.

FundiWaBondeni (Jumapili, saa 12:02 jioni)

Dada, pampu uliipima uzito ikiwa tupu?

Nyando_27 (Jumapili, saa 12:15 jioni)

Ndiyo, kabla ya kuifunga, ikiwa kavu.

Sianda (Jumapili, saa 1:30 usiku)

Basi Fundi amegusa penyewe. Kwenye radiani 150 tuko mbali juu ya masafa ya asili, ambayo ni radiani 20 tu, na huko G inakaribia D, na D ni moja gawanya kwa uzito. Usomaji wake unadai uzito wa karibu kilo 21. Kilo moja ya ziada ni lita moja ya maji ndani ya gamba la pampu, na hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Lubao (Jumapili, saa 1:48 usiku)

Au ni mabomba. Bomba la kuvuta na la kusukuma yameshikana na pampu, nayo yana uzito na ugumu wake ambao haumo katika A. Tena kipima mchapuko kimebandikwa kwenye bamba, wala si kwenye shafti ambako kani inaingilia. Kati ya hapo na hapo kuna chuma kinachopinda. Ukikiweka kupinda huko katika mfano, utakuta kani haifiki papo hapo kwenye kipima, na D inarudi kuwa sifuri, kama nilivyosema siku ya kwanza.

Mzee_wa_Kibos (Jumapili, saa 2:20 usiku)

Sasa Lubao unazungumza kama mhandisi, na hoja hiyo siwezi kuitupa. Ukiongeza hali za bamba linalopinda, D ya mfano huo mpya itakuwa sifuri kwa haki, na ile 0.05 itajitokeza ndani ya C na rizolventi, kwa masafa yaliyo chini ya yale ambayo bamba linaanza kupinda. Tofauti ni kwamba hapo umeipata sifuri kwa kuijenga, wala hukuifuta kwa kalamu huku matriksi nyingine zikibaki zilezile. Kama bamba la Nyando linapinda kwa kiasi cha kuonekana kwenye mizunguko 1432, sijui, na usomaji wa masafa mamoja hauwezi kutuambia.

Nyando_27 (Jumapili, saa 2:45 usiku)

Mjomba amekubali nifungue mabomba Jumamosi, ila amekataa pampu isimame wakati wa kumwagilia. Nitarudia vipimo vyote vitatu maji yakiwa ndani na mabomba yakiwa yameshikiliwa na kamba badala ya bano, kisha nitabandika kipima karibu na beringi ya shafti. Nitaandika hapa namba nitakazopata.